Kuingiza invoisi ya saplaya pale sehemu ya vati hairudi: mwongozo kamili, kuanzia stoo mpaka ritani

Invoisi ambayo vati yake yote inarudi haisumbui mtu, bei inaenda kwenye stoku, kodi inaenda kwenye akaunti ya kodi ya manunuzi, saplaya anadai jumla, kwisha. Na invoisi ambayo vati yake hairudi hata kidogo nayo ni rahisi, unaichukua jumla yote kama gharama ya bidhaa na maisha yanaendelea. Kazi iko kwa hii ya katikati, yaani kodi inarudi kiasi na kiasi hairudi, halafu bidhaa zilishaingia stoo wiki mbili zilizopita kabla invoisi haijafika. Hapo ndipo unakuta leja ina salio la ajabu ambalo kila mwezi linakua na hakuna anayejua limetoka wapi.

Nitakwenda na mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Biashara inauza bidhaa za aina mbili, nyingine zinatozwa vati na nyingine zimesamehewa. Imenunua maboksi 500 ya kufungashia, kila boksi 400 kabla ya kodi, kwa hiyo 200,000. Kiwango cha vati tuseme ni asilimia 20 ili hesabu ziwe nyepesi, kodi ni 40,000, na jumla ya invoisi ni 240,000. Maboksi hayo yatafungashia bidhaa zote mbili kwa kuchanganya, huwezi kusema boksi hili ni la huku na lile la kule, na asilimia ya kodi ambayo biashara inaruhusiwa kudai ni 60. Wewe weka kiwango chako na asilimia yako, mantiki haibadiliki.

Kwanza hakikisha kweli ni ya kugawanya

Watu wengi wanakimbilia asilimia kabla ya kujiuliza hizi bidhaa zinaenda wapi. Sheria nyingi za vati zinataka uanze na matumizi ya moja kwa moja. Kama umenunua kitu ambacho kitatumika kwenye mauzo yanayotozwa kodi peke yake, kodi yake inarudi yote hata kama biashara nzima iko kwenye asilimia 60. Kama kitatumika kwenye mauzo yaliyosamehewa peke yake, hairudi hata senti. Asilimia inakuja tu kwenye vitu vya pamoja, kama haya maboksi, au umeme, au mafuta ya gari linalosambaza mzigo wote. Kwa hiyo bidhaa za kuuza tena mara nyingi hazigawanywi, maana unajua kabisa hii ukiiuza inatozwa au haitozwi. Ukizitupia zote asilimia 60 unajipunja kwenye zile zinazorudi zote na unajitafutia matatizo na mkaguzi kwenye zile zisizorudi.

Kitu kingine, mauzo ya kiwango cha sifuri sio mauzo yaliyosamehewa. Yote mawili mteja halipi kodi, ndio maana watu wanayachanganya, lakini kodi ya manunuzi iliyotumika kwenye mauzo ya kiwango cha sifuri inarudi na ile ya mauzo yaliyosamehewa hairudi. Kwa kawaida asilimia yenyewe inapatikana kwa kuchukua mauzo yanayokupa haki ya kudai, yakiwemo ya sifuri, ukagawanya kwa mauzo yote, bila kodi. Ukiweka mauzo ya sifuri upande usiofaa asilimia inakuwa ndogo kuliko inavyotakiwa na kila invoisi baada ya hapo inarithi kosa hilo.

Kwa nini kisichorudi kinaingia kwenye bei ya maboksi

Hapa ndio msingi wa mambo yote yanayofuata. Ile 40,000 imegawanyika, 24,000 inarudi na 16,000 hairudi. Ile 24,000 ni kama umemkopesha mamlaka ya kodi, utaipata, kwa hiyo ni mali yako na haiwezi kuwa gharama. Ile 16,000 imeondoka moja kwa moja, na imeondoka kwa sababu moja tu, umenunua maboksi. Kwa hiyo ni sehemu ya bei ya kuyapata. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kwenye aya ya 11 kinasema hivyo hivyo, kwamba gharama ya ununuzi inajumuisha bei pamoja na ushuru na kodi nyingine isipokuwa zile ambazo utarudishiwa na mamlaka. Mashine na vifaa vya kudumu vina IAS 16 ambayo nayo inaweka kodi isiyorudishwa ndani ya gharama ya kifaa.

Maana yake boksi moja halikugharimu 400. Limegharimu 432, yaani 216,000 gawanya kwa 500. Hiyo 432 ndiyo namba ya kushika kichwani, kwa sababu karibu kila ukaguzi utakaofanya mbele huko ni kuangalia kama stoku imeishia kwenye 432 au imepotea njiani.

Saplaya yeye haya hayamhusu. Anadai 240,000 kamili, hajali wewe unarudishiwa kiasi gani. Nimewahi kuona invoisi zimeingizwa 224,000 kwa mtu kutoa kodi "isiyodaiwa" kwenye deni, halafu siku ya malipo taarifa ya saplaya haifanani na leja na watu wanaanza kumshutumu saplaya wa watu. Kisichodaiwa kwa serikali bado kinalipwa kwa saplaya.

Kutengeneza kodi ya kugawanya kwenye sistimu

Usigawanye kwa mkono kila invoisi, utachoka na utakosea. Tengeneza kodi moja ya manunuzi, ipe jina linaloeleweka kama "Manunuzi 20, inarudi 60", yenye kiwango kamili cha 20, halafu ndani yake iwe na matawi mawili, tawi la 60 linaloenda akaunti ya kodi ya manunuzi na tawi la 40 linaloenda kwenye gharama ya mstari wenyewe. Sistimu nyingi za uhasibu zinaruhusu hili, majina ya sehemu tu ndio yanatofautiana. Kwenye SAP kwa mfano kuna funguo mbili, `NVV` ambayo inasambaza kodi isiyorudi kwenye mistari ya invoisi, na `NAV` ambayo inaipeleka kwenye akaunti yake peke yake. Kwa bidhaa za stoo unataka tabia ya ile ya kwanza.

Kuna njia ya mkato ambayo watu wanaipenda na mimi siipendi kabisa, unatengeneza kodi ya asilimia 12 (yaani 20 mara 60 kwa mia) halafu unapandisha bei ya boksi mpaka 432 ili mambo yalingane. Jumla haitalingana kwanza, maana 12 kwa mia ya 216,000 ni 25,920 sio 24,000, basi mtu anaanza kurekebisha kwa mkono. Na hata ukilazimisha ikae, ritani inaharibika, kwa sababu mamlaka inataka kuona thamani ya manunuzi 200,000 na kodi ya 40,000 kama ilivyoandikwa na saplaya, halafu ndio ione umedai 24,000. Siku hizi mamlaka nyingi zinalinganisha ulichodai na alichoripoti saplaya, na yeye ameripoti 200,000. Kwa hiyo kiwango kiwe kamili, mgawanyo uwe ndani.

Kuhusu senti. Kodi ikigawanyika kwa desimali, acha sistimu ihesabu sehemu inayorudi kwanza na kuikata kwenye desimali mbili, halafu isiyorudi iwe ni kilichobaki, sio ihesabiwe peke yake. Ukihesabu zote mbili kila moja kivyake na kuzikata, mara nyingine zinapishana na jumla ya kodi kwa senti moja na invoisi inakataa kuposti.

Mzigo unaingia, invoisi bado

Maboksi yamefika, mtunza stoo amehesabu, ameandika hati ya mapokezi ya maboksi 500. Sistimu inaposti kwenye stoku na upande wa pili kwenye akaunti ya mpito, ile ya bidhaa zilizopokelewa ambazo invoisi yake haijaja. Akaunti hii ni ya muda, mapokezi yanaijaza na invoisi inaifuta, na kwa kila oda iliyokamilika lazima ibaki sifuri.

Swali ni stoku iingie kwa bei gani, 400 au 432? Kuna njia mbili na zote zinakubalika, lakini ukishachagua moja mapokezi na invoisi lazima vifuate njia hiyo hiyo. Nitaziita ya kwanza na ya pili.

Njia ya kwanza, mapokezi yanaingia kwa bei ya oda bila kodi, na kodi isiyorudi inaongezwa kwenye stoku siku invoisi inafika:

```
Mapokezi
Debiti   Stoku            200,000
Krediti  Akaunti ya mpito 200,000

Invoisi
Debiti   Akaunti ya mpito 200,000
Debiti   Stoku             16,000
Debiti   Kodi ya manunuzi  24,000
Krediti  Saplaya          240,000
```

Njia ya pili, kodi ya kugawanya inawekwa kwenye oda kabisa, kwa hiyo sistimu inajua tangu siku ya mapokezi kwamba boksi ni 432:

```
Mapokezi
Debiti   Stoku            216,000
Krediti  Akaunti ya mpito 216,000

Invoisi
Debiti   Akaunti ya mpito 216,000
Debiti   Kodi ya manunuzi  24,000
Krediti  Saplaya          240,000
```

Kama sistimu yako inaweza njia ya pili basi tumia hiyo, usijifikirie mara mbili. Stoku inakuwa na bei sahihi tangu siku ya kwanza na chochote kitakachotoka stoo kabla ya invoisi kinatoka na gharama kamili. Njia ya kwanza inafanya kazi vizuri tu kama invoisi inafika na maboksi yote bado yako stoo, jambo ambalo kwenye maisha halisi ni bahati.

Angalia pia kwamba kwenye njia zote mbili, siku ya mapokezi hakuna hata senti iliyoingia akaunti ya kodi ya manunuzi. Hiyo 24,000 inangoja invoisi halali ya kodi, yenye namba ya mlipakodi ya saplaya, tarehe, na kodi imeandikwa wazi. Hati ya mapokezi sio karatasi ya kudai kodi. Hili linagusa kufunga mwezi, kwa sababu kuna watu wakiona mzigo umeingia tarehe 28 na invoisi haipo wanajaza deni la 240,000 zima kama makadirio, na hiyo 24,000 ya ziada wanaitupa kwenye gharama "kwa muda". Deni la makadirio kwenye mfano huu ni 216,000. Inayorudi haijawa gharama na haitakuwa.

Invoisi imefika

Kabla ya kuposti weka karatasi tatu pamoja, oda, hati ya mapokezi na invoisi. Idadi kwenye invoisi ilingane na iliyopokelewa, bei ilingane na oda, na kodi ya kila mstari iwe ile unayotegemea. Kama invoisi ina mistari mingi, angalia kila mstari kwa matumizi yake, maana saplaya mmoja anaweza kukuletea maboksi ya pamoja pamoja na lebo za bidhaa zilizosamehewa peke yake, na hapo mstari wa kwanza unachukua kodi ya kugawanya na wa pili unachukua kodi isiyorudi kabisa. Kuchagua kodi moja kwa invoisi nzima kwa sababu ni rahisi ni chanzo kikubwa cha makosa.

Ingiza tarehe ya invoisi kama ilivyo kwenye karatasi, ita mistari kutoka kwenye oda au mapokezi, usiiandike upya kwa mkono, kwa sababu ukiandika upya sistimu haijui kwamba mstari huu unafuta mapokezi yale na akaunti ya mpito inabaki imening'inia. Kisha hakikisha vitu vitatu kabla ya kubonyeza kuposti: saplaya ni 240,000, kodi ya manunuzi ni 24,000, na mstari wa bidhaa umeenda kwenye akaunti ya mpito kwa kiasi kile kile mapokezi yaliacha.

Hicho kitu cha tatu ndicho kinachowapiga watu, nitakikalia kidogo.

Salio linaloganda kwenye akaunti ya mpito

Sistimu nyingi zina kanuni hii, tawi la kodi lisilokuwa na akaunti yake linafuata akaunti ya mstari. Kwenye invoisi ya umeme ni safi kabisa, akaunti ya mstari ni gharama ya umeme, kodi isiyorudi inaungana na umeme. Lakini kwenye bidhaa za stoo akaunti ya mstari wa invoisi sio stoku, ni akaunti ya mpito. Kwa hiyo ile 16,000 inaangukia kwenye mpito. Kama mapokezi yaliingia kwa 400, mpito ilikuwa na krediti 200,000, invoisi imeleta debiti 216,000, na 16,000 inabaki pale upande wa debiti milele. Hakuna mapokezi yatakayokuja kuifuta kwa sababu maboksi yote yameshapokelewa. Stoku nayo imebaki 400 kwa boksi, kwa hiyo gharama zako zinaonekana ndogo na faida inaonekana kubwa, na akaunti ya mpito inakusanya hizi 16,000 oda baada ya oda.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mapokezi yameingia kwa 432 kwa sababu oda ilikuwa na kodi ya kugawanya, halafu mtu wa invoisi akaweka akaunti ya stoku kwenye lile tawi la 40 akidhani anasaidia. Sasa stoku imeingia 216,000 kwenye mapokezi na 16,000 tena kwenye invoisi, jumla 232,000, na mpito imebaki na krediti 16,000. Boksi linaonekana ni 464.

Kwa hiyo ukikuta salio kwenye mpito kwa oda ambayo idadi imekamilika, fanya hesabu moja. Ligawe kwa thamani ya oda bila kodi. Ukipata asilimia 8 kamili, yaani 20 mara 40 kwa mia, huna haja ya kutafuta mapokezi yaliyopotea wala kumpigia saplaya, ni kodi isiyorudi tu imekosa pa kwenda. Halafu tazama upande, ikiwa debiti basi mapokezi hayakuwa na kodi na invoisi ilikuwa nayo, ikiwa krediti basi stoku imebeba kodi mara mbili. Salio lisilolingana na asilimia hiyo ndio utafute tofauti ya bei au idadi.

Kuna na kosa la tatu ambalo halionekani kwenye mpito kabisa, ndio maana linaishi muda mrefu. Tawi la 40 limepewa akaunti ya gharama, tuseme "vati isiyodaiwa". Mpito inafutika vizuri, saplaya yuko sawa, ritani iko sawa, kila mtu amefurahi. Lakini 16,000 imeliwa yote kama gharama mwezi ule ule wakati maboksi mengi bado yako stoo, na stoku iko kwa 400. Kama vitu vyenyewe hamvifuatilii kwenye stoku, kama sabuni za usafi zinazokwenda gharama siku ile ile, sioni tatizo hapo. Kwa bidhaa za stoo ni tatizo, na utaligundua kwa kufungua kadi ya stoku na kuuliza bei ya boksi ni ngapi. Ukiona 400 ujue.

Wanaotumia bei iliyopangwa mapema kwenye stoku wao wanatakiwa waipange 432. Wakiipanga 400, kila invoisi itatupa 16,000 kwenye akaunti ya tofauti ya bei na mtu wa manunuzi ataulizwa kwa nini saplaya amepandisha, wakati hajapandisha chochote.

Maboksi yameshatumika kabla invoisi haijaja

Tuko njia ya kwanza, stoku iliingia kwa 400. Kabla ya invoisi, maboksi 300 yametoka stoo kwenda kufungashia, yametoka na gharama ya 120,000. Zimebaki 200 zenye thamani ya 80,000. Invoisi imekuja na 16,000 yake. Ukiiweka yote kwenye stoku, maboksi 200 yatabeba kodi ya maboksi 500, yatakuwa 96,000, yaani 480 kwa boksi, na hiyo ni bei ambayo hakuna aliyewahi kuilipa.

Gawanya kwa idadi. Boksi 300 kati ya 500 zimekwenda, kwa hiyo 9,600 inafuata gharama ya vifungashio, na 6,400 inabaki stoku:

```
Debiti   Stoku                    6,400
Debiti   Gharama ya vifungashio   9,600
Krediti  Akaunti ya mpito        16,000
```

Hapa nimechukulia kwamba sistimu imeitupa 16,000 kwenye mpito, kama tulivyoona juu, kwa hiyo ingizo hili linafuta salio hilo pia. Cheki: 80,000 jumlisha 6,400 ni 86,400, gawa kwa 200, unapata 432. Na upande wa gharama 129,600 gawa kwa 300, nayo 432. Zikipishana mahali umekosea idadi.

Lakini angalizo, ile debiti ya stoku usiifanye kwa jurnali ya kawaida ya leja. Jurnali itabadilisha akaunti ya stoku kwenye leja lakini kadi za stoku zitabaki na 80,000, na kuanzia hapo ripoti ya stoku na leja hazitaongea lugha moja. Tumia sehemu ya sistimu ya kuongeza gharama kwenye mapokezi, ile ile inayotumika kuongeza nauli na gharama za bandari, au sehemu ya kubadilisha thamani ya stoku. Nyingi zinagawanya zenyewe kati ya kilichobaki na kilichotoka, wewe kazi yako inakuwa kuangalia matokeo tu. Kama stoku yenu ni ya bei ya wastani na kuna maboksi ya zamani yamechanganyika, 432 haitaonekana wazi kwenye kadi, basi kagua kwa jumla: thamani iliyoongezeka lazima iwe 6,400.

Mzigo pungufu na krediti noti

Mara nyingine invoisi inasema 500 na stoo wamepokea 480. Tuko njia ya pili sasa. Mapokezi yaliingia 480 mara 432, ambayo ni 207,360. Saplaya ameleta invoisi ya 240,000 na amekubali kutoa krediti noti ya maboksi 20. Kuna wanaoingiza invoisi kwa 480 na kusubiri, mimi naona bora uingize kama ilivyo kwenye karatasi, kwa sababu ndiyo hiyo saplaya ameripoti, lakini izuie kulipwa mpaka krediti noti ije.

Baada ya invoisi mpito itakuwa na debiti 8,640, ambayo ni 20 mara 432. Hapo hakuna kodi iliyopotea, ni maboksi 20 hayajafika. Krediti noti ikija itakuwa na 8,000 na kodi 1,600, jumla 9,600, na unaiingiza kwa kodi ile ile ya kugawanya:

```
Debiti   Saplaya            9,600
Krediti  Akaunti ya mpito   8,640
Krediti  Kodi ya manunuzi     960
```

Mpito imekuwa sifuri, saplaya anadai 230,400, na kodi uliyodai imepungua kwa 960 sio kwa 1,600. Watu wanakosea hapa kwa kurudisha 1,600 yote kwenye akaunti ya kodi, wakati 640 kati yake hawakuwahi kuidai. Na krediti noti itumie asilimia ile ile ya invoisi yake hata kama mwaka umebadilika na asilimia mpya ni nyingine, unarudisha ulichochukua kwa kipimo ulichochukulia. Kwa hiyo usiibadilishe kodi ya zamani kwenye sistimu, tengeneza mpya ya asilimia mpya na ile ya zamani ibaki kwa ajili ya karatasi zake.

Asilimia ya mwisho wa mwaka

Ile 60 kwa sehemu nyingi ni ya muda, imetokana na mauzo ya mwaka uliopita. Mwaka ukiisha unahesabu upya kwa mauzo halisi. Tuseme imetoka 65. Kwenye invoisi yetu, kodi ya 40,000 sasa inarudi 26,000, una 2,000 ya kuongeza kudai. Unafanya kwa jumla ya kodi yote ya manunuzi ya pamoja ya mwaka mzima, sio invoisi moja moja, na unaingiza kwenye kipindi cha ritani ambacho sheria yako imekitaja. Hakikisha jumla hiyo haijabeba zile kodi za matumizi ya moja kwa moja, ndio maana ni vizuri kodi ya kugawanya iwe na jina lake, unachuja ripoti kwa jina hilo unapata namba bila kukisia.

Upande wa pili wa hiyo 2,000 ndio watu wanabishana. Maboksi yalishatumika zamani, kwa hiyo inapunguza gharama ya vifungashio, usiende kufungua kadi za stoku za mwezi wa tatu. Kama sehemu kubwa ya ulichonunua bado iko stoo siku ya kufunga mwaka na kiasi ni kikubwa, basi gawa kwa idadi kama tulivyofanya kwenye zile 300 na 200. Kwa vifaa vya kudumu ni hadithi nyingine kidogo, nchi nyingi zinataka marekebisho yaendelee kwa miaka kadhaa, kwa hiyo kodi ya mashine usiichanganye kwenye kapu moja na ya maboksi hata kama asilimia ni moja.

Baada ya hapo fungua kodi mpya ya 65 kama asilimia ya muda ya mwaka unaoanza, na pitia oda zilizo wazi. Oda iliyofunguliwa mwezi wa kumi na mbili bado ina kodi ya 60 ndani yake, mzigo ukifika mwezi wa kwanza utaingia stoo kwa 432, na mtu wa invoisi akichagua kodi ya 65 mpito itabaki na krediti ya 2,000. Badilisha kwenye oda kabla mzigo haujapokelewa, sio kwenye invoisi.